Kakao yangu imekuwa chungu kama dawa: nimekosea wapi?

"Shikamoo mzee. Niko Mikindani, nauza karanga na korosho za kukaanga. Kaka yangu anafanya kazi Kyela, akaniletea matunda ya kakao kama tisini kwa basi. Nikayapasua, nikaosha mbegu mpaka ute wote ukatoka, nikaanika juu ya bati siku tatu kama tunavyoanika korosho, nikakaanga mpaka zikawa nyeusi, nikatwanga. Haikunukia chokoleti hata kidogo, ni chungu na inakausha mdomo. Nilipotia maziwa na sukari ikashikana kama ugali. Kosa ni moto au ni nini? Nimebakiza kilo moja ya mbegu kavu, na kaka anasema atanitumia matunda mengine."

Marahaba, binti yangu. Moto una kosa lake, na maziwa yana lake, lakini kakao yako ilikuwa imeshaharibika kabla hujawasha mkaa. Iliharibika kwenye ndoo ya maji, siku ile ile uliyoyapasua matunda.

Umeitendea kakao kama korosho, na sikulaumu, kwa sababu huku kusini kila mtu mkono wake umezoea korosho. Korosho ikitoka shambani ladha yake inayo tayari. Ukiianika unaikausha tu ili isioze, ukiibangua unaitoa kwenye ganda, ukiikaanga unaipa harufu nzuri zaidi. Mbegu ya kakao siyo hivyo. Ikitoka kwenye tunda haina chokoleti ndani yake. Matunda mengine yakija, chukua mbegu moja mbichi, ikate, uitafune. Mara nyingi utaona nyama ya zambarau, na mdomoni utapata uchungu na ukakasi kama wa bibo ambalo halijaiva. Kikaango hakiwezi kukigeuza kitu hicho kuwa chokoleti. Kazi hiyo hufanyika kwanza kwenye kuvundika, siku tano au sita za joto na uchachu, na kinachoiendesha ni ule ute mweupe ulioumwaga.

Ute ule una sukari nyingi. Wewe uliyekulia Mtwara nitakueleza kwa uraka. Mabibo yakikamuliwa leo, kesho juisi yake imeanza kuchacha bila mtu kutia hamira, kwa sababu hamira za porini ziko kwenye maganda, kwenye vyombo na mikononi mwetu. Ukiuacha uraka wazi siku kadhaa, unageuka siki. Kakao hupita njia hiyo hiyo, ila mbegu ziko katikati ya mambo. Siku ya kwanza na ya pili hamira hula sukari ya ute na kutoa pombe. Ute hulainika, hutiririka chini, na lundo linanukia uraka hasa. Ute ukishapungua, hewa inapenya kati ya mbegu, na hapo wanaingia bakteria wa siki. Hao huila pombe na kuigeuza siki, na kazi yao hutoa joto jingi. Lundo zuri hufika nyuzi 45 mpaka 50 kufikia siku ya tatu. Ukiingiza mkono katikati, hutaki kuuacha humo.

Joto hilo na ile siki inayopenya ndani ya ganda vinaiua mbegu, na lazima ife. Mbegu ya kakao iliyo hai inajiandaa kuota, na ndani yake kila kitu kiko kwenye chumba chake: ukakasi na rangi ya zambarau upande huu, protini na mafuta upande ule. Mbegu ikifa ingali na maji na joto, kuta za vyumba hivyo zinavunjika na vitu vinachanganyikana. Vimeng'enya vya mbegu yenyewe huanza kukata protini vipande vidogo vidogo, na sukari yake nayo hugawanyika. Vipande hivyo na sukari hizo ndivyo vitakavyokutana baadaye kwenye kikaango na kutoa harufu ya chokoleti. Wakati huo huo ukakasi mwingine unavuja nje pamoja na maji, na mwingine unakutana na hewa na kugeuka kahawia, kama bilinganya lililokatwa na kuachwa mezani.

Sasa rudi kwenye kilo zako. Ulipoosha ute, uliondoa kuni. Hakukuwa na pombe, hakukuwa na siki, hakukuwa na joto la ndani. Mbegu zako zilikufa kwa kukaushwa na bati, na mbegu inayokauka haraka haina maji ya kuviwezesha vile vimeng'enya kufanya kazi. Ulipokuja kukaanga, moto haukukuta chochote cha kugeuza, ukaunguza tu.

Unaweza kulithibitisha hili leo. Katika ile kilo iliyobaki, chukua mbegu hamsini bila kuchagua, uzikate kwa wembe au kisu kikali kwa urefu, nusu kwa nusu, uzipange kwenye sinia jeupe mahali penye mwanga wa jua. Mbegu iliyovundikwa vizuri ndani ni kahawia, nyama yake imeachana na ina mifereji, inakatika kwa kuvunjika. Iliyovundika nusu ni kahawia yenye zambarau. Iliyokosa kabisa ni ya kijivu kama jivu la mkaa lililolowa, nyama yake imeshikana pamoja kama raba, na kisu kinapita bila kuvunja kitu. Nina hakika zako nyingi zitakuwa za kijivu na za zambarau. Jaribio hili la kukata ndilo wanunuzi wa kakao hutumia, wao hukata mbegu 100 au 300, na mimi kwa miaka niliyofanya kazi ya kupokea kakao sikuwahi kuona pua wala ulimi wa mtu ukilishinda.

Kuna jambo jingine ambalo usingelijua hata kama usingeosha. Matunda 90 hutoa kama kilo 9 za mbegu mbichi pamoja na ute wake. Hizo ni chache. Wakulima huvundika makumi au mamia ya kilo kwa pamoja, kwenye lundo lililofunikwa kwa majani ya migomba au kwenye sanduku la mbao lenye matundu chini, na lundo kubwa hujitunzia joto lenyewe. Kilo 9 zinatoa joto lakini zinalipoteza lote pembeni. Mimi nilipohamia Lindi niliona najua kila kitu, nikavundika kilo sita kwenye ndoo ya plastiki iliyofunikwa kwa gunia. Joto halikuvuka nyuzi 34. Siku ya nne nilikuta vijimea vyeupe vinachungulia kwenye mbegu. Hazikufa, zilikuwa zinaota! Na mbegu iliyoota ina tundu pale mche ulipotokea, na tundu hilo ni mlango wa ukungu na wadudu wakati wa kukausha. Nilitupa zote.

Safari ya pili nilikwenda kwa wauza samaki nikanunua deli kuukuu, lile lenye kuta nene linalohifadhi barafu. Kitu kinachozuia joto lisiingie kwa samaki huzuia pia lisitoke kwa kakao. Nililisugua kwa sabuni na majivu, nikalianika jua siku mbili mpaka harufu ya samaki ikaisha, maana kakao ina mafuta mengi na mafuta hubeba kila harufu inayopita karibu. Kizibo cha chini cha kutolea maji nilikiondoa ili ute upate njia. Hilo ndilo ninalokushauri, na nitakueleza lilivyokwenda kwa kilo 9, kiasi kile kile chako.

Matunda niliyapiga kwa kipande cha mti yakapasuka, sikutumia panga, kwa sababu panga likigusa mbegu linaitoboa. Nikatoa ule uzi wa katikati unaoshika mbegu, nikatupa mbegu nyeusi, zilizoota na zilizotoka kwenye matunda yaliyooza. Wala usiogope kwamba matunda yako yatakuwa yamekaa siku kadhaa kwenye basi na nyumbani. Tunda zima lisilo na kidonda likikaa siku tatu mpaka tano kabla ya kupasuliwa, ute hupungua kidogo na chokoleti haiwi na siki nyingi. Chini ya deli nilitandika vijiti, juu yake majani ya mgomba, nikamimina mbegu na ute wake wote, nikafunika kwa majani tena na kufunga kifuniko.

Siku mbili za kwanza sikugusa. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 27 wakati wa kuanza na 33 baada ya siku moja, na harufu ilikuwa ya uraka. Baada ya saa 48 kilisoma 38, nikageuza mbegu zote: za juu chini, za pembeni katikati. Huko kugeuza ndiko kunakoingiza hewa kwa bakteria wa siki, na ukisahau, lundo linabaki kwenye pombe na joto halipandi. Nikaacha kifuniko wazi kidole kimoja, nikaweka chupa mbili za maji ya moto pembeni, zimeviringishwa kwa kitambaa. Chupa hizo hazipiki kakao. Zinaziba pengo la lundo dogo, na nilizibadilisha asubuhi na jioni kwa siku moja tu. Saa 60 joto lilikuwa 46, saa 72 likafika 48, na siki ilikuwa inawasha pua. Kuanzia hapo niligeuza mara moja kila siku, na chupa sikuzihitaji tena.

Kila nilipogeuza nilikata mbegu tatu. Siku ya tatu ukikata, majimaji ya zambarau yanatoka. Siku ya tano majimaji yanakuwa ya kahawia yenye wekundu, na ukingo wa nyama umegeuka rangi kuelekea ndani. Siku ya sita joto lilianza kushuka lenyewe, siki ikawa ya upole, ganda la nje likawa na rangi ya kahawia, nikasimamisha. Ukichelewa baada ya hapo, bakteria wa kuoza wanachukua nafasi, na utawatambua kwa harufu ya choo au ya samaki aliyelala. Ukiisikia harufu hiyo, toa mbegu hapo hapo ukaanike. Ila ikishaingia ndani haitoki kwa kukaanga.

Kuanika nako hapa pwani kuna mtego. Umezoea kwamba jua kali ni rafiki. Kwa kakao siku mbili za kwanza jua kali ni adui, hasa juu ya bati, kwa sababu ganda linakauka na kuwa gumu kabla siki iliyo ndani haijapata njia ya kutoka, na vile vimeng'enya ambavyo bado vina kazi ya kumalizia vinasimama. Unapata mbegu kavu nje, chachu ndani. Anika juu ya mkeka au wavu ulionyanyuliwa kutoka chini, unene wa vidole viwili au vitatu siku ya kwanza, uzikoroge kila baada ya saa moja, na saa sita mchana uzivute kivulini. Kuanzia siku ya tatu zitandaze ziwe safu moja, jua lizipige. Jioni funika au ingiza ndani kabla umande haujashuka, na kusiwe karibu na jiko la kuni wala banda la kukaushia samaki kwa moshi. Nimewahi kupokea magunia yaliyokaushwa juu ya moto wa kuni wakati wa mvua. Mbegu zilikuwa kahawia safi kabisa, lakini chokoleti yake ilikuwa na ladha ya nyama choma, na hakuna dawa.

Zangu zilichukua siku nane, kilo 9 zikawa kilo 3 na nusu. Mbegu mbichi ina maji zaidi ya nusu ya uzito wake, unataka yashuke mpaka kama asilimia 7. Yakibaki zaidi ya asilimia 8 ukungu utaota ndani ya gunia. Kama huna kipimo, shika konzi ya mbegu ukaminye: zikilia kama changarawe na ganda likavunjika kwa vidole, zimekauka. Halafu pima uzito siku mbili mfululizo, ukikuta haupungui basi yameisha. Ziweke kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, maana wakati wa mvua hewa ya Mikindani inazirudishia maji bila wewe kujua.

Nilikata mia moja: 71 kahawia, 22 kahawia yenye zambarau, 5 zambarau tupu, moja ina ukungu, moja imeota. Kwa deli la samaki nilijipongeza.

Sasa njoo kwenye kikaango, ambako wewe una mkono kuliko wengi. Kosa lako ni kwamba ulikuwa unatafuta rangi. Karanga unaweza kuikaanga kwa macho, lakini kakao inakaangwa kwa pua, kwa sababu ganda linaficha rangi ya ndani. Zichambue kwanza kwa ukubwa, ndogo na kubwa zisiwe pamoja, la sivyo ndogo zitaungua wakati kubwa bado. Karai zito, mkaa wa wastani, mwiko usisimame. Unalenga mbegu yenyewe ifike nyuzi 120 mpaka 130, na kwa kilo moja hiyo ni kama dakika 20 mpaka 25. Dakika za mwanzo itanukia siki, na siki hiyo inayoruka ni faida kwako. Baadaye inakuja harufu ya mkate unaotoka tanuri. Kisha ghafla nyumba nzima inanukia chokoleti, na mbegu chache zinalia "pa". Hapo anza kutoa moja kila dakika, menya, tafuna. Ukakasi ukishalainika na harufu imejaa, ipua upesi. Usingoje moshi. Mimina kwenye ungo mpana zipoe, kwa kuwa zikiachwa ndani ya karai zinaendelea kujikaanga. Wala usitafune mbegu zilizoanikwa ambazo hazijapita motoni ukisema unaonja. Zimelala siku nyingi mkekani na kuku wamepita, na moto ndio unaoua vijidudu vya kwenye ganda.

Kumenya hakuna haja ya kukufundisha. Zikishapoa zivunje kidogo kwa chupa, upepete kwa ungo, maganda yaruke na chenga zibaki. Rudia mpaka maganda yaishe kweli, kwani ganda halisagiki laini na linaleta mchanga mdomoni. Kutoka kilo 3 na nusu nilipata chenga kilo 2 na robo tatu hivi. Kupepeta kunakula kidogo.

Kusaga. Nusu ya uzito wa chenga, na hata kuzidi kidogo, ni mafuta, ambayo yakiwa baridi ni magumu na yakifika nyuzi 34 hivi yanayeyuka. Ndiyo sababu ukitwanga unaanza na unga, unakuwa tope, na mwishowe unakuwa uji mzito unaong'aa, bila tone la maji. Pasha kinu juani kwanza, au pitisha chenga kwenye mashine ya kusagia siagi ya karanga kama unamjua mwenye nayo. Mashine ya unga wa sembe usiipelekee, mafuta yataziba chekecheke na mwenye mashine atakukimbiza, kwa haki kabisa.

Hapa niseme ukweli ambao watu wengi hawapendi. Kinu hakiwezi kukupa chokoleti laini kama ya dukani. Ulimi unahisi chembe yoyote iliyozidi kama mikroni 30, yaani sehemu 30 za milimita moja iliyogawanywa mara elfu, na mchi haufiki huko hata ukitwanga siku nzima. Kufika huko kunahitaji mashine ndogo ya mawe yanayozunguka kwenye chungu, ambayo hukimbia saa 24 au zaidi mfululizo, chokoleti ikiwa ya vuguvugu muda wote. Saa hizo zinafanya kazi mbili: zinasaga, na zinaifukuza siki iliyobaki kwa hewa na joto. Bila mashine hiyo, tengeneza donge la kakao la kunywa, ambalo ni zuri sana. Chenga zako zilizosagwa mara mbili, sukari, iliki kidogo, uligandishe kwenye vikombe. Anayetaka kunywa anakata kipande anachemsha na maziwa, na chembe zinatuama chini kama za kahawa. Kwa biashara yako ningeanzia hapo.

Na yale maziwa. Chokoleti iliyoyeyuka ni mafuta yaliyobeba chembe kavu za kakao na sukari. Tone dogo la maji likiingia, sukari inalinyonya, inakuwa gundi, chembe zinashikana zenyewe kwa zenyewe na mafuta yanabaki nje. Ndiyo maana ilikugeukia ugali. Maziwa mabichi ni maji, asali ina maji, mwiko uliooshwa sasa hivi una maji, hata mvuke wa sufuria ya jirani unatosha. Sukari unayotia iwe imekaushwa juani na kusagwa vumbi kabisa. Kwa chenga gramu 700 tia sukari gramu 300, ndiyo chokoleti nyeusi ya kawaida. Ukitaka ya maziwa, tumia maziwa ya unga. Ikishashikana usihangaike kuirudisha, ongeza maziwa ya moto mengi zaidi, koroga, itakuwa mchuzi wa kumwagia keki.

Usishangae pia vipande vyako vikilainika mezani. Kuna ufundi wa kuipoza na kuipasha chokoleti ili igande ngumu na ing'ae: iyeyushwe nyuzi 45, ishushwe mpaka 27 au 28 huku unakoroga, ipandishwe tena 31 au 32, ndipo imiminwe. Lakini hata iliyogandishwa kwa ufundi huo haitavumilia mchana wa Mikindani wa mwezi wa kumi na mbili. Donge la kunywa likilainika hakuna anayejali.

Ile kilo iliyobaki haivundikiki tena. Ute hauko, vimeng'enya vimekauka, na kuilowesha kutaleta ukungu tu. Ikaange kidogo, dakika 15, uisage, uitumie wewe nyumbani kwenye chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha kufunika ukakasi. Usimuuzie mtu kwa jina la chokoleti.

Kuhusu kaka yako, mpigie kabla hajapakia. Matunda 90 ni mzigo wa kilo 40 au zaidi, na ndani yake kuna kilo 3 na nusu tu za kakao kavu. Mengine yote unayolipia nauli kutoka Kyela hadi Mtwara ni maganda na maji. Amtafute mkulima anayevundika lundo kubwa, amwombe nafasi. Matunda yake ayapasulie huko huko, mbegu zake na ute wake azitie kwenye mfuko wa wavu, ule wa vitunguu unafaa, azizike katikati ya lundo la mwenyeji. Zitapata joto lote la lundo kubwa, na wakati wa kugeuza mfuko utageuzwa pamoja na nyingine. Baada ya siku sita anauchomoa, anaanika, anakutumia kilo tatu na nusu kavu kwenye kifurushi kimoja. Akiona ni usumbufu akaamua kununua zilizokauka tayari, awe na wembe mfukoni, akate hamsini mbele ya muuzaji kabla hajatoa hela. Zikiwa za kijivu zaidi ya mbili au tatu, aende kwa mwingine.